Pacha Hawana Kitambulisho

Mteja wangu wa Nakuru aliagiza gorogoro nne za omena. Gorogoro moja mia nne, jumla 1,600, na nauli ya mzigo 300. Akatuma 1,900 kwa M-Pesa papo hapo, mteja wa kuombewa dua. Nilipomuuliza mzigo niuandike jina gani, akajibu, "Andika Mama Pacha, Nakuru nzima wananijua."

Nikaandika Mama Pacha. Karani wa hapa Kisumu akaupokea, akanikatia risiti, na matatu ikaondoka kupitia Kericho.

Nakuru nzima inamjua, isipokuwa karani wa ofisi ya mizigo. Huyo alitaka kitambulisho. Kitambulisho kina majina matatu ya heshima, na hakuna hata moja linaloitwa Mama wala Pacha. Mama akarudi nyumbani, akaja na ushahidi: wale pacha wenyewe, wamevalishwa sare, akawapandisha juu ya kaunta.

"Hawa hapa. Na mimi ndiye mama yao. Nini tena?"

Karani akawatazama, akamtazama. "Mama, pacha hawana kitambulisho."

Simu iliyoandikwa kwenye mzigo ilikuwa ikilia mkobani mwake, lakini karani alisema simu huibwa. Hapo hakukosea. Alichokosa kumwambia ni kwamba mtumaji akienda na risiti yake kule alikotumia mzigo, au hata akipiga simu na kusoma namba ya risiti, jina la mpokeaji hubadilishwa kwa dakika chache. Mama alitoka pale kwa hasira, akaamini mimi na karani tumekula njama.

Habari nilizipata omena ilipofika. Karani wa Kisumu alinipigia: "Kaka, njoo uchukue mzigo wako, abiria wanalalamika." Katoni ilikuwa imechorwa kwa kalamu nyekundu: IRUDISHWE KWA MTUMAJI. Chini yake, kwa herufi ndogo: jina halifanani. Haya maneno madogo ndiyo yanayoamua nani analipa. Yangesema "mpokeaji hakutokea", gharama ingemwangukia mama. Nikayapiga picha kabla ya kugusa kamba, kisha nikafungua katoni mbele ya karani, asije mtu akasema omena iliharibikia kwangu.

Gorogoro tatu zilikuwa nzima: zinang'aa kama fedha, na ukikunja samaki mmoja anakatika kwa mlio. Ya nne, iliyokuwa chini kabisa, ilikuwa imelowa mahali fulani. Imegeuka rangi ya chai, inapinda bila kukatika, na harufu yake ndiyo iliyowaliza abiria.

Karani akadai 300 za kurudisha mzigo. Nikamwonyesha risiti yake mwenyewe: pale penye "namba ya kitambulisho cha mpokeaji" ameacha wazi, tena chini imechapishwa kwamba pasipojazwa mzigo usipokelewe. Alimwita mkubwa wake. Mkubwa akasoma, akanusa, akasema nichukue bure, ila nichukue sasa hivi.

Kisha nikampigia Mama Pacha.

"Wewe mwizi, nimeshaandaa ujumbe wa 456!"

"Mama, 456 ni ya pesa iliyopotea njia. Hapa kilichopotea njia ni omena."

Akacheka, na hapo tukaanza hesabu. Alitaka 1,900 zote. Nikasema 1,600 za samaki ni haki yake, na ile gorogoro iliyooza ni hasara yangu, kwa kuwa mali haijamfikia mkononi. Nauli ya kwenda ndiyo ilikuwa mfupa. Matatu ilifika Nakuru kweli, kwa hiyo kampuni haina cha kurudisha. Jina alilitoa yeye, niliyeliandika ni mimi. Tukagawana, mia na hamsini kila mmoja. Kwa hiyo anarudishiwa 1,750.

Ajabu ni kwamba hiyo 1,750 tulikubaliana upesi sana. Tuliyogombania ni shilingi 33 za kutuma. Yeye: mrudishaji ndiye hulipa ada. Mimi: mimi sikuomba kurudisha. Tuligombana mpaka muda wake wa maongezi ukaisha, nikampigia mimi ili tuendelee kugombania 33 kwa muda wangu.

Hatimaye akauliza, "Kwani hizo tatu nzima utamuuzia nani?" Tukapiga hesabu upya: gorogoro tatu 1,200, nauli mpya 300, jumla 1,500. Nikamrudishia 250 tu, ambayo ada yake ni shilingi 7. Hizo nikalipa bila neno.

Safari hii nilimwomba picha ya kitambulisho, nikanakili majina yote matatu, karani akajaza namba, na mama akachukua mzigo wake bila kupandisha mtoto juu ya kaunta. Jioni simu ikalia.

"Nimepima na gorogoro yangu. Hebu niambie ukweli, hiyo ya kwenu Kisumu imebonyezwa chini?"