Kutoota na kutokumbuka ndoto ni vitu viwili

“Tangu baba astaafu na kufiwa na mama, anasema haoti tena. Ubongo umechoka?”

Pole kwa msiba, ndugu. Karibu kila mtu huota; kinachopungua uzeeni ni kukumbuka. Ndoto ndefu nyingi huja karibu na alfajiri, na ndoto hufutika ndani ya dakika chache usipoishika. Mzee akiamka saa kumi kwenda msalani, anawasha taa, anatafuta kandambili, na ndoto imeshapotea.

Mjaribu hivi kwa wiki 2: akizinduka, asijigeuze wala kufungua macho kwa dakika 1 hivi. Ajiulize kwanza alikuwa anajisikiaje, kisha nani alikuwepo. Amsimulie mtu kabla hajainuka. Msimuulize “umeota nini?” kila asubuhi kwa kumkazania, maana atabuni ili awaridhishe.

Akianza kukumbuka, msishangae akiwa bado ofisini anatafuta faili. Kazi ya miaka 30 haitoki ndotoni kwa barua ya kustaafu. Marehemu naye huweza kuonekana mgonjwa mwanzoni, baadaye mzima. Ila ndoto ileile ya kutisha ikimrudia kwa miezi na kumnyima usingizi, huo ni msiba unaohitaji msaada.

Dawa za sonona nazo hubadilisha ndoto. Asiziache bila daktari. Na akipiga mateke au ngumi akiwa usingizini, mpelekeni kwa daktari wa neva, kwani hali hiyo huweza kutangulia ugonjwa wa Pakinsoni kwa miaka.