Kazi Nne Fupi Kwenye Wasifu Mmoja

Mwombaji mwenye kazi nne ndani ya miaka minne akiingia kwenye usaili, swali la kwanza analijua kabla halijaulizwa: "Mbona huku umekaa miezi michache hivi?" Na wengi hujibu kwa sentensi ileile: "Nilikuwa natafuta changamoto mpya." Mimi nimekaa upande wa wanaouliza, na nasema kwa uhakika kwamba jibu hilo linamharibia mwombaji kuliko tarehe zenyewe. Msaili anasikia kwamba huyu mtu akishazoea kazi ataichoka, na akiichoka ataondoka. Hofu yake ndiyo hiyohiyo, na mwombaji ameithibitisha kwa mdomo wake.

Tuielewe hiyo hofu. Mwajiri hajali sana kwamba ulihama. Anahesabu miezi. Mtu mpya hutumia miezi ya mwanzo akijifunza mfumo, watu na makosa ya pale, huku mwenzake mmoja akipunguza kazi zake ili amwelekeze. Ukiondoka mwezi wa kumi, yeye amepata miezi michache tu ya kazi kamili, kisha anaanza kutangaza nafasi upya. Kwa hiyo maelezo yoyote ya kazi fupi yanapaswa kujibu mambo mawili: kule ulikopita uliacha kitu kilichokamilika? Na kuna nini hapa cha kukufanya ukae? Ukisema tu "nimekua", hujajibu hata moja.

Nitaeleza kwa mfano wa dada mmoja niliyemsaidia kujiandaa kwa usaili wa nafasi ya msimamizi wa udhibiti wa mali. Wasifu wake ulikuwa na kazi nne: karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, miezi 11, msaidizi wa manunuzi kiwandani, miezi 14, karani wa malipo ya wauzaji kwenye kampuni ya usambazaji, miezi 8, kisha kiongozi wa zamu kwenye ghala kubwa, miezi 10. Kwa mtu anayepitisha macho haraka, huyu ni kiguu na njia. Stoo, manunuzi, uhasibu, stoo tena. Hata yeye alikuwa ameshaanza kuamini hivyo.

Sikumwuliza kwa nini alihama. Nilimwuliza kila mahali alikuwa anapambana na tatizo gani, na hapo ndipo mambo yalipofunguka.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kila mwisho wa mwezi kadi ya stoo ilikuwa haikubaliani na mzigo uliopo. Alikumbuka mwezi mmoja kadi ilisema mifuko 412 ya saruji, sakafuni ikawepo 397. Mifuko 15 haionekani, na kila mtu anadhani imeibwa. Alipofuatilia aligundua kwamba mpokeaji alikuwa anaandika kwenye kadi idadi iliyoandikwa na dereva kwenye karatasi ya mzigo, kabla ya kuhesabu. Mifuko iliyochanika njiani au iliyopungua tangu kwa muuzaji ilikuwa inaingia kwenye vitabu kama mizima. Akaanzisha utaratibu wa kuhesabu kwanza, kusaini baadaye, na iliyopungua inaandikwa palepale mbele ya dereva. Tofauti ya mwisho wa mwezi ikashuka sana, lakini haikuisha.

Iliyobaki haikutoka stoo. Ilitoka kwa aliyeandika oda. Kazi ya pili ikamfikisha hapo hasa: manunuzi. Kule alikuta oda zinazosema "boksi 20" bila kusema boksi lina vipande vingapi. Muuzaji anamaanisha boksi la 12, stoo inapokea ikidhani la 24, na vitabu vinapotofautiana hakuna aliyeiba chochote. Aliandaa orodha ya vipimo kwa bidhaa zinazonunuliwa mara kwa mara, na oda zote zikaanza kuandikwa kwa vipande. Kiwandani pia alijifunza kulinganisha karatasi tatu kabla ya malipo: oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara ya muuzaji. Zikipishana, malipo yanasimama.

Ila aliona kwamba malipo hayasimami kweli. Watu wa malipo walikuwa wanalipa kwa kuangalia ankara peke yake, maana hati ya kupokelea huchelewa kuwafikia na muuzaji anapiga simu kila siku. Kazi ya tatu ikawa kwenye dawati hilohilo la malipo, kampuni nyingine, kwa mkataba wa miezi 8 uliojulikana mwisho wake tangu siku ya kwanza. Ya nne ikamrudisha ghalani, safari hii akisimamia watu, akijua karatasi inakotoka na inakokwenda. Aliondoka kwa sababu kitengo kilifungwa.

Sasa soma tena zile kazi nne. Tatizo ni moja: mali kutofautiana na vitabu. Kila alipohama alikuwa amesogea hatua moja kwenye njia ya tatizo lilelile, kutoka mlango wa stoo hadi kwenye oda, kutoka oda hadi kwenye malipo, kisha akarudi ghalani akiwa na picha nzima. Na nafasi aliyoomba ilikuwa ya mtu wa kuishika njia yote hiyo kwa pamoja.

Hapa nisisitize jambo ambalo washauri wengi wa kazi hulikwepa. Dada huyu hakuipanga njia hiyo. Kazi ya pili aliifuata kwa sababu ililipa zaidi, na alitaka kuficha hilo. Nilimkataza. Msaili mzoefu akisikia maisha ambayo kila hatua ilipangwa tangu mwanzo, anajua anasimuliwa hadithi. Ni afadhali kusema, "Nilihama kwa ajili ya mshahara, lakini kilichonivutia kwenye manunuzi ni kwamba matatizo ya stoo yalikuwa yanaanzia pale." Sentensi hiyo ina sababu mbili, zote za kweli. Mtiririko mara nyingi huonekana ukigeuka nyuma, na hakuna ubaya kukiri kwamba umeuona baadaye.

Kwa hiyo jibu lake la usaili likawa hivi, kwa maneno yake mwenyewe: "Ni kweli nimekaa muda mfupi kila mahali. Mkataba mmoja ulikuwa wa miezi 8 na ukaisha, na kitengo cha mwisho kilifungwa. Mbili za mwanzo nilihama mwenyewe. Kote nimekuwa nikishughulika na jambo moja, kwa nini vitabu na mzigo havikubaliani. Nimeliona stoo, nimeliona kwenye manunuzi, nimeliona kwenye malipo. Sijawahi kupata nafasi inayonipa mamlaka ya kulirekebisha lote. Hii ndiyo ya kwanza." Halafu ananyamaza. Jibu hilo halifiki dakika moja, na halipaswi kufika. Anayeeleza kila kuondoka kwa dakika tatu anaonekana anajitetea.

Ndipo linakuja swali la pili: "Na hapa utakaa muda gani?" Usijibu kwa ahadi ya miaka. Hakuna anayeiamini. Jibu kwa kazi yenye urefu wake. Dada huyu alisema, "Nataka niwepo kwenye hesabu ya mali ya mwisho wa mwaka mara mbili. Ya kwanza inanionyesha makosa yako wapi, ya pili inanionyesha kama marekebisho yangu yameshika." Msaili anayeijua kazi hiyo anasikia miaka miwili bila kutajiwa miaka miwili, na anasikia pia mtu ambaye hajawahi kubaki kuona matokeo ya kazi yake na anatamani kuyaona. Kwa mtu wa kazi fupi hilo ndilo pengo halisi: amerekebisha mengi lakini hakubaki kuona kama yalidumu. Mimi naona afadhali alitaje mwenyewe kabla wasaili hawajaligundua.

Kwenye wasifu wenyewe mambo ni machache. Andika miezi. Wapo wanaoandika miaka peke yake, "2021–2022", wakidhani wanaficha. Maandishi hayo yanaweza kuwa miezi 23 na yanaweza kuwa Desemba na Januari tu, na msaili hudhania la pili. Mkataba wa muda uandike kwamba ni wa muda, palepale pembeni ya cheo: "mkataba wa miezi 8". Neno hilo peke yake huondoa kazi moja kwenye orodha ya mashaka. Na chini ya kila kazi, badala ya majukumu yote ya karani wa stoo, ambayo kila mtu anayajua, weka kitu kimoja ulichokianzisha kikabaki baada yako.

Kuna wakati maelezo haya hayafai, na tusidanganyane. Kama umeshika cheo kilekile, ukafanya kazi ileile kwenye kampuni nne, na kila mara ulifuata nyongeza ya mshahara, huo si mtiririko wa kukua. Si dhambi pia. Lakini ukiuvika vazi la ukuaji, swali moja tu litakuvua: "Kwenye kazi ya tatu ulijifunza nini ambacho ya pili haikukupa?" Ukikosa jibu la haraka, sema ukweli wa mshahara, kisha uliza nafasi hii inalipaje na inapandaje. Waajiri wengi wanaelewa lugha hiyo. Na kama kazi moja katikati haiingii kwenye mtiririko, ile uliyoshika kwa sababu ya shida za nyumbani kwa mfano, iache isimame peke yake kwa sentensi moja. Ukiilazimisha iingie, inachafua zile zinazoingia kweli.

La mwisho ni wadhamini. Mtu wa kazi fupi hupimwa zaidi kwa simu kuliko kwa maneno yake, kwa sababu msaili anataka kujua uliondokaje. Dada yule alimpigia msimamizi wake wa kiwandani kabla ya kuliweka jina lake, akamkumbusha ile orodha ya vipimo na kumwuliza kama bado inatumika. Ilikuwa bado inatumika, na walikuwa wameongezea bidhaa nyingine. Akaandika hivyo kwenye wasifu, chini ya ile kazi ya miezi 14.