Kichwa na mabega: tunabishania umbo ambalo hatujakubaliana ni lipi

Juzi kijana mmoja ninayemsaidia kusoma chati alinitumia picha ya skrini yake. Alikuwa amechora vilima vitatu, cha katikati kikiwa kirefu kuliko vya pembeni, na mstari chini yake. Akaandika: "Kaka, mwalimu wangu wa kwanza alisema kichwa na mabega hufanikiwa mara themanini katika mia. Wa pili anasema ni ramli tupu. Nimwamini nani?"

Swali lake lilinikaa kooni jioni nzima. Walimu wote wawili walipokea ada yake, na hakuna hata mmoja aliyemweleza jambo ambalo lingemsaidia. Themanini katika mia ya nini? Ya maumbo yote yaliyoanza kujitokeza, au ya yale tu yaliyokwisha kuvunja shingo, yaani bei kushuka chini ya ule mstari wa chini ya vilima? Kufanikiwa ni bei kushuka kidogo, au kufika kwenye lengo? Na huyu wa pili, hiyo ramli aliipima kwa kanuni gani? Matreda wengi ninaowafahamu wamegombana miaka kwa miaka kuhusu umbo hili bila kuulizana maswali hayo, na naamini hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo.

Tuanze na shingo, maana ndiyo inayoamua kila kitu. Niliwahi kukaa na wenzangu wawili mbele ya skrini moja, chati moja, na kila mmoja akaombwa achore mstari wa shingo. Wa kwanza aliunganisha ncha za tambi za mishumaa inayochora bei ya kila siku, pale bei ilipogusa chini kabisa. Wa pili akasema tambi ni kelele za sokoni, akaunganisha bei za kufunga. Mstari wa kwanza ulilala karibu sawa, wa pili ukapanda kidogo kuelekea kulia. Kwa mstari wa pili, bei ilikuwa imeshavunja shingo siku hiyo hiyo. Kwa ule wa kwanza, ilikuwa bado. Wote wawili ni watu makini wenye uzoefu, na kila mmoja angeapa kwamba anafanya biashara ya kichwa na mabega.

Sasa nichukue mfano wa tarakimu nyepesi. Bei inapanda hadi 109, inarudi 100. Inapanda tena hadi 118, inarudi 100. Inajikongoja hadi 110, halafu inaanza kushuka. Hayo ni mabega mawili, kichwa, na shingo iliyonyooka kwenye 100. Kutoka kichwani hadi shingoni ni 18, kwa hiyo lengo la kawaida, la kupima urefu huo kwenda chini kuanzia shingoni, ni 82.

Treda wa kwanza hataki kuchelewa. Bei inapotoboa shingo katikati ya siku anauza kwenye 99.5, akitarajia kununua tena bei ikishashuka, na anaweka kikomo cha hasara kwenye 102. Siku ile inafungwa juu ya shingo, kesho yake bei inagonga 103. Ametoka na hasara ya 2.5.

Treda wa pili anafuata kanuni ya zamani. Edwards na Magee, katika kitabu chao cha mwaka 1948 ambacho bado ndicho msingi wa mengi tunayofundishana, walitaka bei ifunge chini ya shingo kwa asilimia 3 hivi kabla uvunjaji haujahesabiwa kuwa wa kweli. Yeye anasubiri. Siku chache baadaye bei inafunga kwenye 96.5, anauza hapo, na kikomo chake anakiweka 111, juu kidogo ya bega la kulia. Tazameni alicholipia uthibitisho huo: akikosea anapoteza 14.5, akipatia na bei ikafika 82 anapata 14.5 hiyo hiyo. Lazima apatie zaidi ya nusu ya mara zote, na hapo sijataja gharama za spredi wala kamisheni. Yule wa kwanza alikuwa anahatarisha 2.5 ili apate 17.5, kwa hiyo angeweza kukosea mara sita, akapatia ya saba, na akawa bado ana faida kidogo.

Treda wa tatu hauzi wakati wa kuvunja. Anangoja bei irudi kuigusa shingo kutoka chini. Inarudi kweli, inafika 101, naye anauza kwenye 100, kikomo 105. Hana tamaa ya lengo zima, anataka nusu yake, yaani 91. Bei inashuka hadi 90. Amechukua 9 yake na kufunga kompyuta.

Halafu soko linageuka. Kutoka 90 bei inapanda bila kupumzika hadi 112, na kikomo cha treda wa pili kinaguswa kwenye 111. Kapoteza 14.5 yote, baada ya kuiona biashara yake ikiwa na faida kwa siku kadhaa.

Waulizeni hao watatu kama umbo lile lilifanya kazi. Wa kwanza atasema ulikuwa uvunjaji wa uongo. Wa pili atasema umbo lilifeli, maana halikufika 82. Wa tatu ataiweka chati ile kwenye mkusanyiko wa mifano yake mizuri na kuwafundishia wengine. Kuna na wa nne, asiyefanya biashara bali kuhesabu tu, ambaye ataandika "limefanikiwa" kwa sababu bei ilivunja shingo ikashuka hadi 90. Hakuna anayedanganya. Kila mmoja anapima kitu kingine na kukiita kwa jina lile lile, na ndiyo maana asilimia yoyote isiyofuatana na mahali pa kuingia, mahali pa kikomo na mahali pa kutokea haimwambii mwanafunzi lolote.

Kuna watu waliojaribu kulipima kwa haki, na nawaheshimu. Mwaka 1995 Carol Osler na Kevin Chang, katika utafiti uliotolewa na Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York, waliiandikia kompyuta kanuni kamili za kutambua kichwa na mabega, kisha wakaipitisha kwenye bei za kila siku za sarafu sita dhidi ya dola, kuanzia 1973 hadi 1994. Kwa maki ya Ujerumani na yeni ya Japani, kanuni zile zilileta faida. Kwa pauni, faranga ya Ufaransa, faranga ya Uswisi na dola ya Kanada, hazikuleta. Umbo moja, kanuni moja, miaka ile ile. Kwa hiyo mtu aliyekulia kwenye chati za yeni na mwingine aliyekulia kwenye pauni wangeweza kubishana hadi asubuhi, kila mmoja akiwa na ushahidi wake mkononi.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba matokeo yale yanawanyima haki wanaosema umbo hili ni upuuzi mtupu. Na mwaka 2000 Andrew Lo, Harry Mamaysky na Jiang Wang walipopima hisa za Marekani za miaka 1962 hadi 1996, waliona kwamba baadhi ya maumbo ya aina hii hubeba taarifa fulani. Lakini walikuwa waangalifu kusema kwamba kubeba taarifa si sawa na kuleta faida. Jambo lililonigusa zaidi ni ukali wa kanuni zao. Mabega mawili yalitakiwa yasipishane na wastani wao kwa zaidi ya asilimia 1.5. Katika mfano wangu, 109 na 110 yanapita bila shida. Lakini bega moja likiwa 108 na jingine 113, wastani ni 110.5, na kila bega liko mbali nao kwa zaidi ya asilimia 2. Kompyuta yao ingelikataa. Mimi na wewe, tukiwa tumeshaamua moyoni kwamba tunataka kuuza, tungelikubali na kusema bega moja limelegea kidogo.

Hapo ndipo ninapopata hasira hasa. Mifano tunayofundishiwa yote imechaguliwa baada ya mambo kwisha. Mtu anaifungua chati ya miaka mitatu, anaona mteremko mkubwa, anarudi nyuma kutafuta kilichoutangulia, na tazama, vilima vitatu. Yale yaliyoonyesha bega la kulia halafu bei ikapanda na kukipita kichwa hayaonekani tena kama kichwa na mabega. Yamemezwa na trendi, yamekuwa ngazi tu za kupandia. Jicho haliyaoni, kwa hiyo hesabu haiyahesabu. Mwanatakwimu Harry Roberts alionyesha mwaka 1959 kwamba hata tarakimu za kubahatisha, zikijumlishwa moja baada ya nyingine na kuchorwa, hutoa picha zinazofanana mno na chati za hisa, kichwa na mabega kikiwemo. Ukiitafuta sura fulani kwenye chati mia mbili utaipata, na kuipata kwako hakujathibitisha kitu.

Kuhusu kiasi cha mauzo kinachotakiwa kupungua kwenye bega la kulia, nitasema tu kwamba kwenye fedha za kigeni hakuna soko moja linalojumlisha mauzo yote. Unachokiona kwenye skrini yako ni sehemu ndogo, na mara nyingi ni idadi ya mabadiliko ya bei tu.

Kijana yule sikumjibu amwamini nani. Nilimwambia achukue karatasi, aandike jinsi atakavyochora shingo, ataingia wapi, kikomo wapi, atatoka wapi, na mabega yapishane kwa kiasi gani ndipo alikatae umbo. Kisha arudi nyuma kwenye chati, afunike upande wa kulia kwa kipande cha boksi, na asogeze mshumaa mmoja mmoja, akiandika kila umbo pale bega la kulia linapokamilika, kabla hajajua mwisho wake.

Usiku akaniandikia tena. Umbo lake la kwanza lilikuwa zuri kabisa, mabega sawa, shingo imenyooka. Bei ikashuka hadi karibu na shingo, haikuivunja, ikageuka na kwenda juu hadi ikakipita kichwa. "Kaka, hili nalo naliandika? Si halijavunja, na sijaingia biashara."

Nikamwambia aliandike, na aweke tarehe.