Sera Iliyozikwa Kabla ya Kuzaliwa

Oktoba 2010, mjini Potsdam, Kansela Angela Merkel aliwaambia vijana wa chama chake kwamba jaribio la kuijenga Ujerumani kuwa jamii ya tamaduni nyingi, watu wakiishi bega kwa bega na kufurahiana, limeshindwa, tena limeshindwa kabisa. Februari iliyofuata, David Cameron wa Uingereza akatoa hotuba ya mwelekeo huohuo mjini Munich, na Nicolas Sarkozy wa Ufaransa naye akaunga mkono. Tangu hapo, mtu anayeanza kusoma habari za wahamiaji hukutana na hukumu kabla hajaliona shitaka. Mimi naamini hukumu ile ya Potsdam ilimwangukia asiyehusika, na ukiifuata historia ya Ujerumani kwa utulivu utazielewa sera tatu za kumpokea mhamiaji, yaani kumeza, kujumuisha na tamaduni nyingi, vizuri kuliko kwa kukariri maana zake.

Mwanasaikolojia John Berry wa Kanada alirahisisha jambo hili kwa maswali mawili. La kwanza: je, mgeni abaki na lugha, dini na desturi zake? La pili: je, aingie katika maisha ya wenyeji, yaani shule, kazi, siasa na ujirani? Ukijibu hapana kwa la kwanza na ndiyo kwa la pili, umepata sera ya kumeza. Mgeni anakaribishwa ndani, ila utu wake wa zamani anauacha mlangoni. Wahenga waliisema kwa ukali zaidi: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, uko upande wa kujumuisha. Nchi inadai mambo ya hadharani, kama lugha, sheria na kazi, na mambo ya nyumbani inakuachia mwenyewe. Sera ya tamaduni nyingi nayo inajibu ndiyo mara mbili, lakini inaongeza hatua: taasisi zenyewe zinabadilika ili zimtambue mgeni. Kwa mfano, mwaka 1990 Kanada iliwaruhusu Masingasinga kuvaa kilemba badala ya kofia ya kawaida katika polisi yake ya taifa. Chini ya sera ya kujumuisha peke yake, Singasinga angesaidiwa kujiandaa kwa usaili wa polisi, lakini sare ingebaki ileile.

Kuna jibu jingine ambalo wanasiasa hawapendi kulitaja. Abaki na desturi zake? Ndiyo. Aingie kwetu? Hapana. Huko ni kutenga. Kwa mbali, kutenga na tamaduni nyingi hufanana, maana kote utasikia lugha za kigeni sokoni na kuona misikiti na mahekalu. Tofauti inaonekana pale mlango wa uraia ulipo.

Sasa tuitazame Ujerumani. Tarehe 30 Oktoba 1961, Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba na Uturuki wa kuleta wafanyakazi. Walikusudiwa kukaa miaka miwili, kisha warudi kwao na wengine waje. Wenye viwanda wakalalamika: ukishamfundisha mtu kazi, kwa nini umfukuze na kuanza upya na asiyejua kitu? Mwaka 1964 sharti la miaka miwili likaondolewa, lakini dhana ya kwamba hawa ni wapita njia ikabaki. Jina lao kwa Kijerumani lilimaanisha wafanyakazi wageni. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza, na kiti barazani hawakupewa kwa karibu miaka arobaini.

Novemba 1973, bei ya mafuta ilipopanda, uajiri kutoka nje ulisimamishwa. Hapo likatokea jambo ambalo watunga sera hawakulitarajia. Mfanyakazi aliyejua kwamba akitoka hatarudi aliamua kubaki, akamwita mke, akaleta watoto. Wengine wakazaliwa palepale. Mtoto aliyezaliwa Cologne mwaka 1975 kwa wazazi wa Kituruki alikuwa raia wa Uturuki, kwa kuwa sheria ya uraia ya 1913 ilifuata damu. Angesoma Cologne, aoe Cologne, alipe kodi Cologne, na bado aende kupanga foleni ofisi ya wageni kugonga muhuri wa kibali. Baadhi ya majimbo, Bavaria ikiwemo, yaliendesha madarasa kwa Kituruki. Leo watu huyataja madarasa hayo kama ushahidi wa tamaduni nyingi, wakati lengo lake kubwa lilikuwa kumwandaa mtoto kwa safari ya kurudi katika nchi ambayo pengine hajawahi kuishi. Mwaka 1983 serikali ya Helmut Kohl ikatoa marki 10,500 kwa mfanyakazi asiye na kazi aliyekubali kuondoka na familia yake.

Kwa maswali ya Berry, huko ni kutenga. Watu waliishi bega kwa bega kweli, ila kwa bega la mtu anayengojewa aondoke. Wajerumani wengi, hasa mijini na katika vyama vya kushoto, waliipenda ndoto ya tamaduni nyingi, waliiimba na kuisherehekea. Lakini nchi haikuitungia sheria. Mlango wa uraia ulifunguliwa kwa upana tarehe 1 Januari 2000, watoto wa wageni wakaazi walipoanza kupata uraia kwa kuzaliwa. Miaka mitano baadaye zikaja kozi za ujumuishaji: vipindi 600 vya lugha na 30 vya sheria, historia na maisha ya Kijerumani, ambavyo hivi vya pili vimeongezwa hadi 100. Kwa hiyo Merkel aliposimama Potsdam, sera ya kujumuisha ilikuwa bado changa, na ya tamaduni nyingi haijawahi kutungwa.

Wanaotetea sera ya kumeza wana hoja nzito na wanastahili kusikilizwa. Ufaransa ndiyo mfano wao. Dola haitaki kujua kabila lako wala dini yako. Sheria ya 1978 inabana sana ukusanyaji wa taarifa hizo, na sheria ya 2004 ilipiga marufuku alama za dini zinazoonekana waziwazi katika shule za serikali. Nia yake ni kwamba mtoto akivuka kizingiti cha shule awe raia tu, asiwe mwakilishi wa ukoo. Nchi yenye lugha moja ya hadharani hujenga mshikamano haraka, na binti anayekandamizwa na wazee wa jamii yake anajua kwamba sheria haitawasikiliza wao kwanza. Watoto wa wachimba makaa wa Kipolandi na Kiitaliano walimezwa hivyo, na leo wajukuu wao ni Wafaransa bila swali.

Lakini mimi humkumbuka Khadija Diouf. Si mtu halisi. Ni jina lililobuniwa na watafiti watatu mwaka 2009 na kutumwa kwa waajiri wa Ufaransa. Pamoja naye walimbuni Marie Diouf. Wote wawili walikuwa raia, wenye jina la ukoo la Kisenegali, elimu ileile na uzoefu unaolingana. Kilichotofautiana ni ishara za dini: jina la kwanza, na kwamba mmoja aliwahi kufanya kazi na shirika la misaada la Kikatoliki, mwingine la Kiislamu. Marie aliitwa kwenye usaili na waajiri 21 kati ya kila 100 waliotumiwa maombi. Khadija aliitwa na 8.

Nambari hiyo sijaweza kuiacha. Ukoo ni uleule na asili ni ileile, hivyo huwezi kusema mwajiri alimkwepa Msenegali. Wala huwezi kusema Khadija hakujitahidi kuingia, maana amesoma shule zao na anaandika lugha yao. Alishatimiza kila sharti la mkataba ambao sera ya kumeza humwekea mgeni. Upande wa pili wa mkataba ndio haukutimiza, na dola iliyojizuia kuhesabu dini za watu haiwezi kuliona pengo hilo katika takwimu zake, mpaka mtafiti abuni majina na kuyatuma kwa posta. Hapo ndipo sera ya kumeza inapokwama: inamwahidi mgeni kwamba akibadilika atapokelewa, na haina chombo cha kupima kama alipokelewa.

Kanada nayo haina mikono misafi. Utafiti wa namna hiyo uliofanyika Toronto ulionyesha kwamba maombi yenye majina ya Kiingereza yaliitwa zaidi kuliko yenye majina ya Kichina, Kihindi au Kipakistani, hata elimu ilipokuwa sawa. Hilo lazima lisemwe. Lisemwe pia kwamba tangu 1967 Kanada huchagua wahamiaji wengi kwa alama za elimu, umri na lugha, na bahari imewazuia wengine. Ujerumani haikuchagua hivyo, ilitafuta mikono ya viwandani na migodini. Kuzilinganisha bila kukumbuka hilo ni kukosa haki.

Hata hivyo, soma kauli ya Pierre Trudeau, waziri mkuu wa Kanada, bungeni tarehe 8 Oktoba 1971, iliyoanzisha sera ya tamaduni nyingi. Ina mambo manne: kuyasaidia makundi kudumisha utamaduni wao, kuwaondolea vizuizi vya kushiriki kikamilifu katika nchi, kuyakutanisha makundi, na kuwasaidia wahamiaji kujifunza angalau lugha moja rasmi. Matatu kati ya manne ni ya kuwaingiza watu ndani. Chini ya mwaka mmoja baadaye Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na maelfu yao wakatua Kanada. Leo zaidi ya wahamiaji wanne kati ya watano wanaostahili uraia wa Kanada wanao.

Mpaka wa sera hiyo nao ulionekana. Mwaka 2005 jimbo la Ontario lilibishana kama mahakama za usuluhishi za Kiislamu zitambuliwe katika ndoa na mirathi. Wanawake wengi Waislamu walipinga, wakihofia binti atashinikizwa na jamaa akubali asichokitaka. Wayahudi na Wakristo walikuwa tayari na usuluhishi wao. Serikali ikaamua kwamba usuluhishi wa dini yoyote hautakuwa na nguvu ya sheria katika mambo ya familia. Mwenye kuiogopa sera hii kwamba itamwacha mwanamke mikononi mwa wazee, tukio hilo linamhusu.

Ujerumani ilifika kwenye kumtambua mgeni kwa mwendo wa pole. Juni 2024 sheria mpya iliruhusu mtu kuwa raia wa Ujerumani bila kuukana uraia wa kwao. Ndani yake mna kifungu kwa wale waliokuja kama wafanyakazi wageni kabla ya katikati ya 1974: wasifanye mtihani wa uraia, na Kijerumani cha kuzungumza kinawatosha. Kijana aliyeshuka kwenye treni mwaka 1964 akiwa na miaka 22 alikuwa na 82 kifungu hicho kilipoanza kutumika.