Soksi afue mwenyewe, ndoo ya maji abebe mkubwa

"Nafundisha darasa la kwanza Dar es Salaam. Wazazi wananiuliza mtoto wa miaka sita afanye kazi gani nyumbani. Nikizitaja, wengine wananijibu kwamba wamelipa ada mtoto asome, si afue. Niwaelezeje kwamba kazi zinamjengea kujitegemea?"

Mwalimu mwenzangu, kabla hujamweleza mzazi chochote, muulize siku ya mtoto wake inakwendaje tangu anapoamka hadi anapolala. Maneno yaleyale ukiyasema mbele ya kikao kizima cha wazazi yanawafikia watu wawili tofauti kabisa. Yupo ambaye mtoto wake anavalishwa soksi na dada kila asubuhi, na huyo anahitaji kuyasikia. Benchi la nyuma amekaa mwingine ambaye mtoto wake anachota maji, anambeba mdogo wake mgongoni na kuosha vyombo vya watu saba ndipo afungue daftari. Huyu naye anaitikia kwa kichwa, halafu anarudi nyumbani akijua mwalimu ameunga mkono. Kwa hiyo jambo hili mimi silisemi kikaoni. Nalizungumza na mzazi mmoja mmoja.

Wanaokataa wana hoja, na tusizipuuze. Mtoto anayepanda basi la shule alfajiri na kushushwa jioni anabaki na muda mfupi wa kuoga, kula na kumaliza kazi za shule. Kwa umri wake anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Ukimwongezea kufua siku hiyo, unachukua kutoka kwenye usingizi, kisha wewe mwenyewe unamkuta amesinzia juu ya dawati. Kuna pia kumbukumbu. Wazazi wengi walisoma wakati Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, imekwisha kugeuka katika baadhi ya shule kuwa kuchota maji nyumbani kwa mwalimu na kulimishwa kama adhabu. Mzazi aliyepitia hayo akisikia mwalimu anataja kazi, anasikia viboko. Mwambie wazi kwamba unachozungumzia hakitumiki kamwe kama adhabu, na kwamba mtoto akikosea, asiongezewe vyombo vya kuosha.

Upande wa pili nao una msingi wake, na wa kwetu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ibara ya 31, unampa mtoto wajibu kwa familia yake, lakini unaufunga wajibu huo na umri na uwezo wake. Sharti hilo ndilo linalosahauliwa. Katika vipimo vya kimataifa, mtoto wa miaka 5 hadi 11 akifikisha saa 21 za kazi za nyumbani kwa wiki anahesabiwa kuwa yumo katika utumikishwaji. Hiyo ni wastani wa saa tatu kwa siku, na wako watoto darasani kwako wanaofika hapo bila mtu yeyote kuhesabu. Kwa miaka sita ningekuwa mkali zaidi: dakika kumi hadi kumi na tano siku za shule, na labda nusu saa Jumamosi. Uzito nao upimwe. Mtoto wa umri huu ana wastani wa kilo 20, na ndoo iliyojaa lita 20 za maji ina kilo 20, yaani anatwishwa uzito wa mwili wake. Kama lazima achangie maji, apewe kidumu cha lita mbili au tatu, na aende na mkubwa.

Sasa, ni nini hasa kinachojenga kujitegemea? Si wingi wa kazi. Mtoto anayetumwa siku nzima, lete kijiko, mwite baba, fungia kuku, anachoka na anajifunza utii, lakini kila hatua bado inaanzia kwenye kichwa cha mtu mwingine. Anayejifunza kujitegemea ni yule aliye na kazi moja iliyo yake tangu mwanzo hadi mwisho: yeye ndiye anayekumbuka kwamba imefika saa yake, anatafuta vifaa, anaifanya, anatazama kama imekamilika, na anarudisha vifaa mahali pake. Hizo hatua za mwanzo na za mwisho ndizo watu wazima tunazomnyang'anya bila kujua.

Chukua kufua soksi zake za shule, kazi ninayoipendekeza kuliko zote. Ni nguo ndogo inayoenea mkononi mwake, na ikiharibika hasara ni ndogo. Mzazi aweke beseni fupi lenye maji kiasi cha lita mbili, na kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kikae kwenye kiganja cha mtoto. Asipewe sabuni ya unga, kwa sababu atamwaga nusu ya pakiti na vumbi lake litamwingia machoni. Dawa ya kung'arishia nguo asiiguse kabisa. Siku ya kwanza mzazi anafua soksi moja polepole mtoto akitazama, naye anafua ya pili: anaigeuza nje ndani, anapaka sabuni kwenye kisigino na vidole, anasugua, anasuuza mara mbili, anakamua, anaanika kwenye kamba anayoifikia bila kupanda kiti. Maji yamwagwe papo hapo, hasa kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea, maana huyo anaweza kuzama hata kwenye beseni.

Mara za mwanzo soksi zitabaki na weusi kisiginoni na sabuni haitatoka yote. Zikikauka zinakuwa ngumu na zinamwasha mguu. Hapo mzazi anajikuta anataka kuzifua upya usiku mtoto akiwa amelala, na kazi nzima inavunjika hapo, kwa sababu asubuhi mtoto anakuta soksi safi na hajui alikosea wapi. Zikimwasha, aulizwe kwa upole: unadhani ni kwa nini? Wengi wanajibu wenyewe kwamba hawakusuuza vizuri, na Jumamosi inayofuata wanasuuza mara tatu. Dalili kwamba kazi imekuwa yake si soksi nyeupe. Ni siku atakapokuja kusema, "Mama, sabuni imeisha," kabla hajaulizwa. Kukamua nako kunaimarisha kiganja na kifundo cha mkono vilevile anavyovitumia kushika penseli, jambo ambalo sisi wa darasa la kwanza tunaliona haraka.

Asiyeweza kufua siku za shule apewe kupanga begi lake usiku, au kutandika kitanda na kukunja chandarua asubuhi. Kuchambua mchele kwenye ungo kunafaa sana, kikombe kimoja au viwili, kwa sababu jicho na vidole vinafanya kazi pamoja na mtu mzima yuko karibu. Kuchambua mchicha, kupanga sahani kwa idadi ya walaji, kunawisha wageni mikono, kumwaga pumba kwa kuku, kuosha vikombe vya plastiki, kufagia chumba kimoja: haya yote anayaweza. Wavulana na wasichana sawa. Nyumba ambayo binti anaosha vyombo huku kaka yake wa umri uleule anacheza mpira inajenga kitu kingine kabisa kwa wote wawili.

Mbali na uzito, kuna mstari wa hatari usiovukwa hata kama mtoto anajigamba kwamba anaweza. Asikae na jiko la mkaa, la mafuta wala la gesi, na asiepue chungu. Asibebe maji ya moto ya kuoga. Asitumwe dukani kwa kuvuka barabara ya magari, maana katika umri huu bado hawezi kukadiria gari linakuja kwa kasi gani. Asiachiwe mdogo wake peke yake. Hili la mwisho ndilo gumu kumwambia mama anayeuza vitumbua alfajiri na hana mtu wa kumsaidia. Usimhubirie. Muulize kama kuna jirani au bibi anayeweza kuwa na watoto wote wawili kwa saa hizo, huyu wa miaka sita akaendelea kucheza na mdogo wake huku macho ya mtu mzima yapo.

Kwa mzazi wa ada, acha neno kujitegemea kwanza. Anza na lalamiko ambalo mwenyewe amekuletea. Karibu kila mzazi wa darasa la kwanza amewahi kusema mtoto wake anapoteza penseli, anasahau daftari, hamalizi kuandika mpaka asimamiwe. Mwambie: huyu hajawahi kuwa na jambo linalomtegemea yeye kulikumbuka, tumpe moja. Mwache mzazi na mtoto wachague wenyewe, iwe moja tu, na mwombe asiibadilishe kwa mwezi. Kisha mzungumze mnachokiona, wewe darasani na yeye nyumbani.

Usimwahidi kwamba alama zitapanda. Hilo halina uhakika, na mtoto aliyepangika shuleni mara nyingi anatoka katika nyumba iliyopangika kwa mambo mengine pia, kwa hiyo huwezi kusema ni soksi zilizoleta tofauti. Unachoweza kusema kwa moyo mkunjufu ni kwamba mtoto aliyezoea kumaliza kazi moja nyumbani anaijua hali ya kumaliza. Mzazi akiuliza kama amlipe, mwambie hapana kwa vitu vyake mwenyewe. Akilipwa kwa kufua soksi zake, siku hela zikikosekana ataona hana sababu ya kufua.

Nyumba yenye dada wa kazi inahitaji mazungumzo ya ziada, na wengi huyasahau. Mama anakubaliana nawe, anamwambia mtoto, kisha anakwenda kazini. Anayebaki ni dada, na dada anajua mtoto akitoka na soksi chafu lawama ni zake. Atazifua, na kwa upande wake ana haki. Mwambie mama akae naye, amweleze kwamba hatagombezwa kwa soksi za mtoto wala kitanda kilichotandikwa upande, na kwamba kazi yake kwenye jambo hilo ni kusimama karibu kwa usalama tu. Mama akija kukuambia wamejaribu ikashindikana, muulize kwanza kama dada aliambiwa hivyo.