Wakala wa Jumla Kutoka Kairo: Mtafsiri Akomee Wapi?

Mtafsiri wa Kiarabu aliyeletewa hati ya mwenye mali kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yake anauliza: "Hati imetoka Kairo, imeandikwa 'wakala wa jumla'. Niitafsiri neno kwa neno, au niandike maana yake ili msajili wa ardhi aelewe?"

Wanaoshika neno kwa neno wanasema mtafsiri si wakili. Mwenye mali ameshatamka alichotaka mbele ya mthibitishaji na kutia saini, kwa hiyo kilichobaki ni kuyavusha maneno yake. Hoja hiyo ina uzito, hasa Tanzania, ambako sheria ya uwakala ina asili ya Kiingereza. Mahakama za mfumo huo huzisoma hati hizi kwa kubana. Mwaka 1893 Baraza la Faragha la Uingereza, mahakama ya juu ya rufaa za makoloni, liliamua kwamba wakala aliyeruhusiwa kununua, kuuza na kufunga mikataba ya biashara hakuwa na ruhusa ya kukopa fedha. Kisichotajwa hakimo, na mtafsiri anayeongeza hata kitenzi kimoja amempa wakala mamlaka ambayo mwenye mali hakumpa.

Shida ni kwamba neno kwa neno nako kunaweza kupanua. Kifungu cha 701 cha Sheria ya Kiraia ya Misri ya mwaka 1948 kinasema wakala uliotolewa kwa maneno ya jumla tu, bila kutaja aina ya tendo, unaruhusu matendo ya usimamizi peke yake, kama kupangisha kwa muda usiozidi miaka 3, kufanya matengenezo, kukusanya madai na kulipa madeni. Kuuza, kuweka rehani na kufanya sulhu kunahitaji wakala mahususi, kwa kifungu cha 702. Sasa mwandikie mnunuzi wa Tanga "uwakala wa jumla". Atasoma kwamba wakala anaweza lolote, wakati Kairo maneno hayohayo yanamfungia wakala kwenye kodi na ukarabati.

Tuchukue mfano. Dada anayeishi Kairo anawapa kaka yake na mdogo wake wakala wa jumla wa "idara", neno la Kiarabu lenye maana ya usimamizi, ya mali zake zote. Kisha anaongeza kuuza nyumba ya Ngamiani, Tanga, "kwa nafsi zao au kwa wengine", na kupokea bei. Nao watende "kwa pamoja au kila mmoja peke yake".

Mtafsiri mwenye haraka ataandika "kushughulikia mali zangu zote". Kushughulikia ni kila kitu na si kitu. Kesho kaka anaweza kwenda na neno hilo benki kuweka rehani shamba ambalo dada hakuwahi kuruhusu liguswe. "Idara" hapa ni kusimamia, basi. Lingekuwa "tasarufi", yaani kuhamisha au kuondoa mali, mambo yangekuwa mengine, na kuliandika "kusimamia" kungekuwa kumnyang'anya wakala alichopewa.

Kupunguza huja kwa mlango mwingine, nao ni mtafsiri kuruka maneno anayoyaona ya ziada. Akikunja "kupokea bei" ndani ya "kuuza", mwanasheria wa mnunuzi anaweza kukataa kumlipa kaka. Akiacha "au kila mmoja peke yake", mauzo yatasubiri saini ya mdogo mtu aliyeko safarini. Na ile "kwa nafsi zao" inaonekana ya ajabu (nani anajiuzia nyumba ya dadake?), kwa hiyo ndiyo inayoachwa mara nyingi. Lakini sheria ya Misri haimruhusu wakala kufanya mkataba na nafsi yake bila idhini, na maneno hayo ndiyo idhini yenyewe. Yaandikwe wazi: "kujiuzia wenyewe au kumuuzia mtu mwingine". Kama dada hakuyataka, ni wajibu wake kuyafuta, si wa mtafsiri.

Mimi naegemea upande wa neno kwa neno, lakini si peke yake. Ndani ya tafsiri, kila kitenzi kibaki kimoja kwa kimoja, "na" na "au" zisibadilishane nafasi, na penye utata utata ubaki. Nje ya tafsiri, chini ya saini ya mtafsiri mwenyewe, iwekwe tanbihi fupi: "Maneno 'wakala wa jumla' yametafsiriwa kama yalivyo. Kwa athari zake, tazama vifungu vya 701 na 702 vya Sheria ya Kiraia ya Misri." Tanbihi isiseme kama kaka anaweza kuuza au la. Hilo ni la wakili na msajili.

Watetezi wa maana watalalamika kwamba msajili hasomi tanbihi, anataka karatasi iliyonyooka. Inawezekana. Ila kama hati haimtoshelezi, dawa ni dada kurudi kwa mthibitishaji Kairo na kutoa wakala mahususi unaotaja kuuza nyumba, namba ya kiwanja na kupokea bei. Gharama yake ni safari moja na ada. Tafsiri iliyonyooshwa kwa hisani, ikifika mahakamani ikalinganishwa na Kiarabu chake, inaweza kuangusha mauzo yote wakati mnunuzi ameshapaua.