Kutoka kwa nani? Swali lililonifunza kusoma mizania ya Fed

Januari 2023 niliuza nusu ya vipande vyangu katika mfuko unaofuata fahirisi ya S&P 500. Si fedha nyingi, ila ni akiba ya miaka kadhaa. Mke wangu alikuwa jikoni anakata vitunguu, nikamweleza kwa kujiamini kwamba Benki Kuu ya Marekani, Fed, inafyonza dola sokoni kila mwezi, kwa hiyo hisa lazima zishuke. Akaniuliza, "Inazifyonza kutoka kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Mwaka huo S&P 500 ilipanda kwa asilimia 24, na mimi nikabaki na nusu.

Swali lile ndilo ambalo wengi wetu tunaofuatilia masoko kwenye simu hatujiulizi. Tunaona mchoro wa mizania ya Fed ukipanda tunasema "wanachapisha hela", ukishuka tunasema "wanazichoma". Kwa maoni yangu mchoro huo peke yake hauna maana kubwa, kwa sababu unaonyesha upande mmoja tu wa daftari: mali. Dola zenyewe ziko upande wa pili, wa madeni.

Tuanze na kulegeza, kile ambacho kwenye skrini huandikwa QE. Tuseme mfuko wa pensheni una hatifungani ya serikali ya miaka 10. Fed inainunua kupitia benki. Haitoi noti yoyote. Inaandika tarakimu kwenye akaunti ambayo benki hiyo inayo Fed, na benki inaandika tarakimu hiyohiyo kwenye akaunti ya mfuko. Tarakimu ile ya kwanza ndiyo inayoitwa akiba ya benki. Haiwezi kununua mkate wala hisa, inazunguka tu kati ya mabenki na Fed.

Kwa hiyo mfuko wa pensheni haukutajirika. Ulikuwa na hatifungani, sasa una salio. Shida yake ni kwamba wastaafu hawalipwi kwa salio lisilozaa, hivyo meneja anaingia sokoni kutafuta mbadala: hatifungani nyingine, dhamana za makampuni, au hisa. Wakati huo Fed bado inanunua, na bei zinapanda. Hatifungani inayolipa dola 4 kwa mwaka, ukiinunua kwa 100, inakupa asilimia 4. Ukiinunua kwa 110, unabaki na takriban 3.6. Hisa ambayo jana ilionekana ghali, leo inaanza kuvumilika. Njia ni hiyo, ya kuwasukuma watu kutoka kiti kimoja hadi kingine. Ndivyo mizania ya Fed ilivyotoka chini ya dola trilioni 1 kabla ya msukosuko wa 2008 ikakaribia trilioni 9 mwanzoni mwa 2022.

Kukaza, yaani QT, kulianza Juni 2022. Hapa napo nilikuwa nadhani Fed inasimama sokoni kama mchuuzi ikiuza hatifungani zake. Haikufanya hivyo. Iliziacha ziive. Hatifungani ikiiva, Hazina ya Marekani inailipa Fed, na Fed hainunui nyingine, ila pale kiasi kinachoiva kikizidi kikomo cha mwezi. Hazina haina fedha za ziada, kwa hiyo inakopa upya kwa mtu mwingine. Na hapo ndipo swali la vitunguu linapohitaji jibu: huyo mkopeshaji mpya anatoa dola zake wapi?

Mwaka 2023 jibu lilikuwa mahali ambapo sikuwahi kupatazama. Mifuko ya ukwasi ya Marekani, ile inayotunza fedha za muda mfupi, ilikuwa imelaza kwa Fed yenyewe zaidi ya dola trilioni 2, usiku kwa usiku, kwa riba. Hazina ilipomwaga hati za muda mfupi sokoni kuanzia Juni, baada ya mvutano wa ukomo wa deni kwisha, mifuko hiyo ilitoa fedha kwenye amana hizo na kununua hati.

Anayeishi kwenye mgao wa maji ataelewa haraka. Bomba likikatika, huoni tofauti bafuni siku ya kwanza, kwa sababu pampu inavuta kutoka tangi la chini. Mwaka ule mizania ya Fed ilipungua kutoka takriban trilioni 8.55 hadi 7.7, amana za usiku zikashuka hadi kama trilioni 1, lakini akiba za mabenki ziliongezeka kutoka kama 3.1 hadi 3.5. Kukaza kulikuwepo kwenye vichwa vya habari, ila mabenki yalikuwa na dola nyingi kuliko mwanzo wa mwaka.

Sidai kwamba tangi hilo ndilo lililopandisha hisa. Nvidia na wenzake walikuwa na hadithi yao mwaka ule. Na anguko la 2022 nalilaumu zaidi riba, iliyotoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 4, kuliko QT iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza. Ninachodai ni kwamba sababu niliyouzia haikuwepo.

Tangi la chini likiwa tupu, mambo hubadilika. Septemba 2019 amana zile zilikuwa karibu hakuna, na akiba za mabenki zimeshuka hadi kama trilioni 1.4. Tarehe 16 makampuni yalilipa kodi, na siku hiyohiyo wanunuzi wa hatifungani mpya walitakiwa kulipa. Dola zote hizo ziliingia kwenye akaunti ya Hazina, iliyoko Fed, nje ya mabenki. Kesho yake riba ya kukopa usiku mmoja kwa dhamana ya hatifungani, SOFR, ilifika asilimia 5.25, wakati lengo la Fed lilikuwa kati ya 2 na 2.25. Fed ililazimika kukopesha mabilioni asubuhi hiyohiyo.

Kwa hiyo sasa sitazami mstari mmoja. Ripoti ya Fed hutoka kila Alhamisi, kwetu inakuwa saa tano na nusu au saa sita na nusu usiku kutegemea majira yao. Nafungua FRED, tovuti ya takwimu za uchumi, naandika hivi:

```
WALCL      mizania yote
RRPONTSYD  amana za usiku
WTREGEN    akaunti ya Hazina
WRESBAL    akiba za mabenki
SOFR       riba ya usiku
```

Angalia vipimo: WALCL iko kwa mamilioni, RRPONTSYD kwa mabilioni. Niliwahi kuzijumlisha bila kugeuza, nikatangaza balaa kwenye kundi letu la WhatsApp.

Oktoba 2025 amana za usiku zilikuwa karibu zimekwisha na SOFR ikaanza kupanda juu ya lengo. Fed ikatangaza kusimamisha kukaza kuanzia Desemba 1, kisha Desemba hiyohiyo ikaanza kununua hati za muda mfupi. Wapo walioshangilia kwamba QE imerudi. Siafikiani nao. Hati ya miezi mitatu karibu ni sawa na fedha taslimu. Ukimnunulia mtu hati hiyo, hujamwondoa kwenye kiti cha miaka 10 wala hujamsukuma kwenye hisa. Umeongeza akiba za mabenki tu. Nilimweleza mke wangu hivyo, akauliza kama sasa naweza kurudisha ile nusu.